Karati 18, karati 14, ya kuvika au ya kuchovya: pima mkufu kabla hujaulipia

Karibu kila wiki naletewa mkufu wa njano mezani, na maswali ni yaleyale matatu. Ni dhahabu kweli? Utadumu? Na bei niliyotajiwa ni ya haki? Nimeyajibu kwa mdomo mpaka nimechoka, kwa hiyo nayaandika hapa mara moja. Nachukua mkufu wa kuvaa kila siku kwa sababu pingili zake husuguana mchana na usiku, na udhaifu wa kila aina hujitokeza kwenye mkufu mapema kuliko kwenye hereni. Ukijua kuupima mkufu, bangili na pete hazitakushinda.

Kwanza tuelewane majina. Dhahabu safi ni karati 24. Karati 18 ina sehemu 18 za dhahabu kati ya 24, yaani asilimia 75. Karati 14 ina asilimia 58.3. Sehemu inayobaki ni shaba, fedha na zinki, na kwenye dhahabu nyeupe huingia nikeli au paladi. Hizi mbili ni dhahabu hadi ndani: ukikata pingili katikati, rangi ni ileile.

Ya kuvika ni ile inayopigwa mhuri wa GF. Jina lake la Kiingereza linasema imejazwa dhahabu, na jina hilo limewadanganya wengi, kwa sababu dhahabu iko nje na ndani ni shaba ya manjano. Bamba la dhahabu hugandamizwa juu ya shaba kwa moto na shinikizo, kisha vyote viwili huvutwa pamoja kuwa waya. Ya kuchovya nayo huwekwa kwenye maji yenye chumvi za dhahabu na kupitishiwa umeme, ikashika utando mwembamba sana. Kwa macho ya siku ya kwanza, zote nne zinaweza kufanana kabisa.

## Andaa hivi

- Mizani ndogo inayosoma hadi gramu 0.01. Ile ya jikoni inayosoma gramu nzima haitakusaidia.
- Kikombe chepesi cha plastiki, maji ya kawaida na tone moja la sabuni.
- Uzi mwembamba, ule wa nailoni wa kushonea.
- Kioo cha kukuzia mara 10.
- Kikokotoo cha simu, na bei ya leo ya gramu moja ya dhahabu safi.

Tindikali usinunue. Tindikali ya kupimia dhahabu inachoma ngozi, na kwa mtu asiye na mazoea inatoa majibu ya uongo, nitaeleza kwa nini.

## Hatua kwa hatua

1. Soma mhuri wote, usiishie herufi za kwanza.

Kwenye karati 18 tafuta 18K au 750. Kwenye karati 14 tafuta 14K au 585. Hapo ndipo watu wengi hukomea, na hapo ndipo wanapoliwa. Mhuri wa 18K GP unasema kitu kimejengwa kwa madini mengine na kuchovywa dhahabu ya karati 18. GEP na HGE nazo ni za kuchovya. Namba 925 kwenye mkufu wa njano inasema chini ni fedha, iliyochovywa juu.

Ya kuvika iliyo halali hubeba sehemu yake, kwa mfano 1/20 14K GF, au 14/20 GF. Maana yake ni kwamba sehemu moja kati ya 20 ya uzito wote ni dhahabu ya karati 14. Kanuni za Marekani, ambako mhuri huu umezoeleka sana, zinadai kiasi hicho ndipo kitu kiitwe hivyo. Ukiona 18K GF isiyo na sehemu yoyote kwenye mkufu wa bei ya karanga, mimi huihesabu kuwa ya kuchovya mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Kuna mhuri mmoja unaowaponza hata wauzaji: 14KP. P hiyo peke yake haina uhusiano na kuchovya. Inamaanisha karati 14 kamili, isiyopungua. Nimeona mtu akiuza mkufu mzuri wa dhahabu kwa bei ya kuchovya kwa sababu ya herufi hiyo moja.

Halafu angalia mhuri uko wapi. Mara nyingi uko kwenye kifungio au kwenye kibamba kidogo kando yake, na kifungio hubadilishwa. Kifungio cha dhahabu kinaweza kuunganishwa na mkufu wa shaba. Kwa hiyo mhuri ni dai tu, hatua zinazofuata ndizo ushahidi.

2. Angalia sehemu zinazosuguana.

Chukua kioo, nenda kwenye dirisha lenye mwanga, na utazame mahali pingili mbili zinapokumbatiana, hasa karibu na kifungio. Usipoteze muda kwenye uso wa mbele unaong'aa. Kwenye karati 18 na 14 utaona mkwaruzo na labda pingili imeliwa kidogo, lakini rangi chini ya mkwaruzo ni ileile. Kwenye ya kuchovya iliyokwisha kuvaliwa, rangi hugeuka hapo: wekundu ikiwa chini kuna shaba, weupe ikiwa kuna fedha au nikeli.

Ya kuvika ni ngumu zaidi kuitambua kwa jicho ikiwa mpya. Tazama mwisho wa waya mahali ulipokatwa, kwa mfano ncha ya kikonyo cha hereni au pingili ya mwisho isiyolehemiwa. Ukibahatika utaona kiini cha rangi tofauti kidogo, kimezungushiwa ukingo mwembamba wa dhahabu.

3. Pima ndani ya maji.

Hii ndiyo hatua ninayoiamini kuliko zote za nyumbani, na haiharibu kitu. Dhahabu ni nzito kuliko shaba na fedha, kwa hiyo vitu viwili vya ukubwa uleule havilingani uzito. Fanya hivi:

a) Pima mkufu ukiwa mkavu. Andika.

b) Weka kikombe chenye maji na tone la sabuni juu ya mizani, kisha rudisha mizani kwenye sifuri.

c) Funga mkufu kwa uzi, uzamishe wote majini, uushike ukining'inia. Usiguse kitako wala ukuta wa kikombe. Ukigusa, mizani itabeba uzito wa mkufu na hesabu yote imekufa.

d) Tikisa kidogo mapovu yatoke, kisha soma mizani.

e) Gawanya uzito mkavu kwa namba uliyoisoma majini.

Hebu tufanye mmoja. Mkufu wenye mhuri wa 585 ulisoma gramu 8.20 ukiwa mkavu. Ulipozamishwa, mizani ilionyesha 0.63. Gawanya 8.20 kwa 0.63, unapata 13.0.

Sasa linganisha. Karati 18 ya njano huangukia kati ya 15 na 16. Karati 14 ya njano hukaa karibu na 13, kidogo juu au chini. Fedha iliyochovywa huwa kama 10.4. Shaba ya manjano, iwe ya kuchovya au ya kuvika, huangukia kati ya 8.4 na 8.9. Kwa hiyo mhuri wa 585 kwenye mkufu huu umesema kweli.

Angalia pia ukubwa wa kosa linaloweza kutokea. Kama mkono ulitetemeka na mizani ikasoma 0.62 au 0.64, jibu linakuwa 13.2 au 12.8, na bado ni karati 14. Lakini pete ndogo ya gramu 2 itasoma kama 0.15 tu. Kosa la 0.01 hapo linakupeleka kutoka 12.5 hadi 14.3, na huwezi kuamua chochote. Chini ya gramu 5 usihukumu kwa njia hii.

Na ujue kwamba maji hayatenganishi ya kuvika na shaba iliyochovywa, kwa sababu kiini cha zote mbili ni shaba. Hapo unarudi kwenye mhuri wenye sehemu, hali ya pingili, na uaminifu wa anayeuza.

4. Hesabu dhahabu iliyomo, ndipo uzungumze bei.

Tuendelee na mkufu uleule na kuufikiria umetengenezwa kwa njia zote nne, umbo lilelile, unene uleule wa waya, milimita 1. Tuseme gramu moja ya dhahabu safi inauzwa 100, kwa fedha yoyote unayotumia.

Wa karati 14 una gramu 8.20. Zidisha kwa 0.583, unapata gramu 4.78 za dhahabu safi, yaani 478.

Wa karati 18 hautakuwa na gramu 8.20. Karati 18 ni nzito zaidi, na umbo hilohilo litafika karibu gramu 9.8. Zidisha kwa 0.75, unapata gramu 7.3, yaani 730. Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Wanalinganisha 75 na 58.3 wanasema karati 18 izidi kwa chini ya theluthi moja. Kwa gramu moja ni kweli. Kwa mkufu mzima wa umbo lilelile, inazidi kwa karibu nusu, kwa sababu umelipia uzito wa ziada pia.

Wa kuvika, wenye 1/20 ya karati 14, una uzito wa gramu 5.5 hivi. Dhahabu safi ndani yake ni asilimia 2.9, kama gramu 0.16. Hiyo ni 16.

Wa kuchovya wenye utando wa mikroni 0.5 una kama miligramu 24 za dhahabu. Hiyo ni 2.4 kwa mkufu mzima.

Sasa ongeza ufundi. Fundi anayesuka pingili hatumii muda mchache eti kwa sababu waya ni wa shaba. Ndiyo maana mkufu wa kuvika hautauzwa 16, wala wa kuchovya 2.4. Kwenye hizo mbili unalipia kazi, umbo na faida ya muuzaji. Kwenye karati 14 na 18 sehemu kubwa ya pesa inapaswa kuwa dhahabu yenyewe, na ukijua thamani ya dhahabu unaweza kuuliza bila kuona haya, "Fundi, kazi umehesabu kiasi gani?"

Hesabu hiyo pia inakuonyesha siku ya kuuza itakuwaje. Karati 18 na 14 zitapimwa kwa gramu na utapata sehemu kubwa ya thamani ya dhahabu, ufundi ukiupoteza. Ya kuvika hununuliwa kwa wingi na wasafishaji wa madini, lakini mkufu mmoja hautakupa kitu. Ya kuchovya usiibebe kwenda kuuza.

5. Linganisha na jinsi utakavyovaa.

Watu hudhani karati ikipanda, kitu kinakuwa imara zaidi. Ni kinyume. Dhahabu safi ni laini, na shaba iliyochanganywa ndiyo inayoipa ugumu. Karati 14 kwa kawaida hustahimili mikwaruzo na kupinda kuliko karati 18. Kwa mkufu mwembamba wa kulala nao, au kwa kifungio chenye ulimi unaojikunja kila siku, mimi humshauri mteja achukue karati 14. Karati 18 ina rangi iliyokolea zaidi na haibadiliki kirahisi kwa jasho, lakini pingili nyembamba huvutika na kuliwa mapema. Ukiitaka, chukua waya mnene.

Tofauti kati ya kuvika na kuchovya ni ya unene tu, ila ni kubwa. Kwenye waya wa milimita 1, ganda la kuvika lina kama mikroni 8. Utando wa kuchovya wa kawaida hauzidi nusu mikroni, na kanuni za Marekani huruhusu hata 0.175. Utando mzito wa kuchovya huanza mikroni 2.5. Unywele wa mtu una kama mikroni 70, upate picha. Utando wa nusu mikroni kwenye mkufu unaovaliwa kila siku unaweza kuisha ndani ya miezi, ukianzia kwenye pingili. Kwenye hereni, ambazo hazisuguani na kitu, uleule unaweza kukaa miaka. Mkufu mzuri wa kuvika ukitunzwa hufikisha miaka 10 na kupita.

Matengenezo ni suala jingine. Karati 18 na 14 hulehemiwa, hupigwa tupa, hung'arishwa, na kazi inaendelea. Ya kuchovya ikiguswa na moto, utando unaungua. Ya kuvika inalehemika kwa tahadhari, lakini tupa na gurudumu la kung'arishia ni adui zake. Hili nilijifunza kwa gharama. Nililetewa bangili ya kuvika, nikaichukulia ni karati 14 kwa sababu mhuri ulikuwa umefifia na nikasoma nusu yake. Niliisogeza kwenye gurudumu, na kabla sijahesabu hadi kumi ukingo mmoja ukawa na mstari mwekundu. Ganda lilikuwa limekwisha hapo, na hakuna njia ya kulirudisha zaidi ya kuichovya. Nilimlipa mwenyewe bangili nyingine.

## Mambo yakienda kombo

Sumaku imevuta kifungio. Usiogope. Ndani ya vifungio vingi mna springi ndogo ya chuma, hata kwenye mkufu wa karati 18. Jaribu sumaku kwenye pingili. Na pingili zisipovutwa usishangilie pia, kwa kuwa shaba na fedha hazivutwi na sumaku. Kipimo hiki kinakamata tu madini yanayovutwa na sumaku, kama chuma na nikeli.

Mhuri ni 585 lakini maji yamenipa 10 au 11. Rudia kwanza, safari hii ukitikisa mkufu majini mpaka mapovu yaishe. Jibu likibaki karibu 10.4, shuku fedha iliyochovywa. Likibaki katikati bila kueleweka, pengine mkufu ni wa pingili zenye uwazi ndani, na hewa iliyofungiwa humo inaharibu kipimo. Mkufu wa uwazi unaweza kuwa dhahabu halisi, ila ukibonyea haunyooki, na ukikatika kuulehemu ni kazi ya mashaka.

Tindikali au mashine imesema karati 14, maji yamesema 8.7. Amini maji, mradi pingili hazina uwazi ndani. Tindikali hupima kilichochunwa kwenye jiwe, na ukichuna kidogo kwenye kitu cha kuvika unachuna dhahabu ya kweli ya karati 14. Mashine ya mionzi nayo husoma ngozi ya juu tu. Mwombe sonara apige tupa alama ndogo mahali pasipoonekana, kisha apime ndani ya alama hiyo. Akikataa bila sababu, mkufu usinunue.

Shingo inabaki na alama nyeusi au ya kijani. Kwenye ya kuchovya, maana yake shaba imeshatoka nje na inakutana na jasho. Kwenye karati 14 inatokea mara chache, mara nyingi kwa sababu ya vipodozi na jasho, na kuosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni hutosha. Ikiwa ni ngozi inayowasha na kutoa vipele, hasa kwa dhahabu nyeupe, mtuhumiwa wa kwanza ni nikeli. Uliza kama mchanganyiko una paladi badala yake.

Madoa meusi kwenye mkufu wa njano wenye 925. Fedha iliyo chini inapenya utando mwembamba na kupata kutu yake nyeusi. Futa kwa kitambaa laini kikavu. Dawa ya kung'arishia fedha usiipake, kwani itaondoka na dhahabu.

Karati 14 imepauka, na pingili moja imekatika bila kuvutwa. Uliza kama mwenye mkufu huogelea nao. Klorini ya bwawa hushambulia madini yaliyochanganywa na dhahabu, na kadiri karati inavyoshuka ndivyo inavyopata pa kuuma. Dhahabu nyeupe yenye nikeli huathirika vibaya zaidi, hasa kwenye maji ya moto. Pingili iliyokatika italehemiwa, lakini mwambie sonara azikague na jirani zake kwa kioo, maana nyufa haziji moja.